Mtazamaji Katoka Wapi, na Kafikaje?

Mwaka 2021 kijana mmoja wa Kimaasai kutoka mkoa wa Pwani, Tanzania, aliweka mtandaoni video fupi akiwa na dada yake, wakifuatisha kwa midomo wimbo wa Kihindi uliotoka katika filamu ya Shershaah. Kili Paul na Neema walikuwa nyumbani kwao, wamevaa mavazi yao ya kila siku, lakini watazamaji waliowapata walikuwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimwalika Kili na kumpa heshima, na mwisho wa mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao katika kipindi chake cha redio. Kili akaendelea na nyimbo za lugha mbalimbali za India. Alishajua nani anamtazama.

Ni wachache wanaopewa jibu wazi namna hiyo. Wengi wanaotengeneza video, awe mwalimu wa hesabu Kisumu, fundi simu Kariakoo au mama wa mapishi Tanga, huona namba moja tu ikipanda na kushuka: video imetazamwa mara ngapi. Zamani redio zetu zilikuwa na kadi za salamu, na mtangazaji aliyezisoma kwa makini alijua kipindi chake kinasikika vijiji gani na nani anamsalimia nani. YouTube nayo ina kadi zake. Ziko katika ukurasa wa takwimu uitwao Analytics, ndani ya YouTube Studio, na kila mwenye chaneli anaweza kuufungua bila malipo. Ugumu uko katika kuzisoma, kwa sababu kadi zinazovutia jicho kwanza ndizo zenye habari chache zaidi.

Ukurasa huo unajibu maswali mawili tofauti. La kwanza ni nani aliyetazama: umri, jinsia, nchi. Hayo yanakaa sehemu iitwayo Audience. La pili ni alifikaje kwenye video, na hilo linaitwa Traffic source. Wengi huishia kwenye swali la kwanza, kwa kuwa picha ya mtazamaji mwenye umri na jinsia ni rahisi kuishika kichwani. Lakini anayetaka kuamua atengeneze nini kesho, swali la pili ndilo linalobeba mzigo. Njia aliyopita mtu huonyesha alikuja akitaka nini. Nchi yake huonyesha anaishi katika mazingira gani. Umri wake, peke yake, hausemi mengi.

Njia zenyewe ziko kadhaa, ila nne ndizo zinazoamua mambo katika chaneli nyingi. YouTube search ni mtu aliyeandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia. Ana shida na anataka jibu. Browse features ni mtu aliyefungua YouTube akakuta video imewekwa kwenye ukurasa wake wa mwanzo, au akaiona katika orodha ya chaneli alizojiunga nazo; hakutafuta kitu, bali kijipicha na kichwa cha video vilimvuta. Suggested videos ni aliyekuwa akitazama video nyingine, hii ikajitokeza pembeni au chini yake. External ni aliyetoka nje ya YouTube kabisa: Facebook, matokeo ya Google na, kwa watu wa kwetu, WhatsApp.

Kila njia kati ya hizo hudai video ya umbo lake. Aliyetafuta hana subira na salamu ndefu. Akichelewa kupata jibu anarudi kwenye orodha na kubonyeza video ya jirani. Faida yake ni kwamba video inayoletwa na utafutaji inaweza kuishi miaka, kwa sababu kila siku kuna mtu mpya mwenye shida ileile. Aliyeletwa na ukurasa wa mwanzo mara nyingi anaijua chaneli au amewahi kupenda kitu kinachofanana nayo, hivyo atavumilia hadithi, lakini video hiyo hupata watu wengi siku za mwanzo kisha ikatulia. Aliyetumiwa linki na dada yake kwenye WhatsApp amekuja kwa imani ya aliyemtumia. Huyo ni mgeni wa mtu.

Chukua mfano wa chaneli ya mapishi ya pwani inayoendeshwa na mama mmoja wa Tanga. Mfano huu ni wa kutunga na namba zake zimepangwa kwa ajili ya maelezo, ila hatua zake ni zilezile ambazo mtu yeyote anaweza kuzifuata kwenye chaneli yake. Mama ana video kama 60, nyingi za dakika tisa au kumi. Katika siku 90 zilizopita video zake zimetazamwa mara 40,000. Anataka kujua miezi mitatu ijayo apike nini mbele ya kamera.

Anafungua Audience. Wanawake ni asilimia 61. Kundi kubwa la umri ni miaka 25 hadi 34. Tanzania inaongoza kwa asilimia 52 ya utazamaji, Kenya ina 24, Oman 8, na asilimia 16 zilizobaki zimetawanyika Uingereza, Marekani, Falme za Kiarabu na kwingineko. Kwa picha hiyo ushauri wa haraka ungekuwa kwamba watazamaji wake ni wasichana na kina mama vijana wa Tanzania, basi aweke muziki wa kisasa, afupishe mambo na aache vyakula vya kizamani. Ushauri huo unasikika vizuri, na ungemharibia chaneli.

Hatua inayofuata anaifanya kwenye kompyuta, kwa kuwa programu ya simu haionyeshi kila kitu. Anabonyeza Advanced mode, anachagua siku 90, kisha Geography. Badala ya kuangalia safu ya idadi ya utazamaji peke yake, anaweka kando yake safu mbili: muda wa wastani wa kutazama, unaoitwa Average view duration, na jumla ya saa zilizotazamwa, Watch time. Hapo picha inageuka. Mtazamaji wa Tanzania anakaa kwa wastani dakika mbili na nusu. Wa Kenya vivyo hivyo. Wa Oman anakaa dakika sita.

Hesabu yake si ngumu. Utazamaji 20,800 wa Tanzania, kila mmoja dakika mbili na nusu, ni dakika 52,000. Kenya, kwa utazamaji 9,600, ni dakika 24,000. Oman ina utazamaji 3,200 tu, lakini kwa dakika sita sita unafikia dakika 19,200. Nchi zilizobaki, zikiwa na wastani wa dakika tatu, zinatoa dakika 19,200 pia. Jumla ya chaneli ni dakika 114,400. Oman, iliyoonekana kuwa asilimia 8 ya utazamaji, ina karibu asilimia 17 ya muda wote uliotumika kwenye chaneli. Kundi dogo limekaa kuliko wote.

Sasa swali la kuuliza ni kwa nini, na jibu halimo katika orodha ya nchi. Mama anaweka kichujio cha Oman, kisha anabadilisha jedwali lionyeshe Traffic source. Anaona asilimia 38 ya watazamaji hao wametoka External, na akifungua mstari huo, WhatsApp iko juu. Asilimia 34 wametoka Browse features, maana yake ni watu ambao YouTube imeshazoea kuwapelekea video zake. Utafutaji ni asilimia 9 tu. Anabadilisha tena jedwali lionyeshe video zenyewe, kichujio cha Oman kikiwa palepale. Zaidi ya nusu ya utazamaji umeangukia video mbili: mkate wa kumimina na vileja.

Hapo ndipo takwimu zinapokutana na historia. Oman ina maelfu ya watu wanaozungumza Kiswahili, familia zilizoondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na wengine walioitikia mwito wa kurudi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Mkate wa kumimina, wenye mchele uliosagwa, tui la nazi, hamira na iliki, ni chakula cha nyumbani kwao. Wanaitazama video yote, wanamtumia shangazi, shangazi anaipeleka kwenye kundi la ukoo. Kwa watu hao mama akipunguza dakika na kuongeza muziki atakuwa amewanyang'anya kile walichokuja kukaa nacho.

Bado hajamaliza. Anaondoa kichujio cha Oman, anaweka cha Tanzania, halafu cha Kenya. Huku mambo ni kinyume: sehemu kubwa ya watazamaji inatoka YouTube search. Anaufungua mstari huo na kupata orodha ambayo pengine ndiyo yenye thamani kuliko zote katika ukurasa mzima, yaani maneno halisi ambayo watu waliandika kabla ya kufika kwake. Yaliyo juu ni "jinsi ya kupika chapati laini". Chini yake kuna "chapati za kusukuma nusu kilo", "kwa nini chapati zinakauka" na "mandazi ya kuumuka vizuri". Hakuna aliyeandika jina la chaneli yake. Hawa hawajui hata kama yupo. Wana unga mezani na mkono mmoja tayari una unga.

Anaifungua video yake ya chapati iliyoletewa watu na maneno hayo, na kutazama mchoro wa jinsi watu walivyobaki au kuondoka sekunde kwa sekunde. Ina dakika tisa. Kwenye sekunde ya 30 wamebaki chini ya nusu, kwa sababu muda wote huo mama alikuwa akisalimia na kuwaomba watu wajiunge na chaneli. Mstari unateremka taratibu, kisha kwenye dakika ya tatu na sekunde kumi unainuka ghafla kama kichuguu. Kichuguu katika mchoro huo huwa na maana moja au mbili: watu wameruka mbele hadi hapo, au wamerudi nyuma kuparudia. Mama anaiangalia sehemu hiyo. Ni pale anapomimina maji ya uvuguvugu kwenye unga huku akisema, "maji kiasi tu, usizidishe." Hakutaja kipimo. Watu wanarudia mara mbili tatu kukisia ni kikombe kimoja au kimoja na robo.

Hapo video inayofuata imeshajiandika. Kichwa chake ni swali lililomo kwenye orodha ya maneno: chapati laini kwa nusu kilo ya unga, maji kiasi gani. Kipimo kinatajwa na kuonyeshwa ndani ya nusu dakika ya kwanza, karibu mililita 300 kwa unga wa ngano wa kawaida, pungufu au zaidi kidogo kutegemea unga wenyewe. Inafuata namna ya kukanda, kuacha donge lipumzike, kukunja na kuchoma. Dakika nne zinatosha. Aliyenunua bando la siku hawezi kulipia salamu za dakika nzima, na kumheshimu mtazamaji huyo ni kumpa jibu kabla bando halijakatika.

Kwa hiyo chaneli hii moja ina watu wa aina mbili, na kosa kubwa ambalo mama angeweza kufanya ni kuwatafutia video moja ya wastani. Video ya dakika sita yenye hadithi kidogo na kipimo kidogo ingemchosha anayetafuta chapati na kumnyima aliyeko Maskati kile alichokuja nacho moyoni. Uamuzi bora ni kuzigawa: video fupi za shida moja kwa ajili ya utafutaji, na mfululizo mrefu wa vyakula vya Zanzibar kwa wale wanaorudi. Vichwa vya habari, vijipicha na hata siku ya kuziweka vitofautiane. Wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na saa zao ziko mbele ya saa za Afrika Mashariki kwa saa moja. Video ndefu iliyowekwa Alhamisi jioni itawakuta wametulia. Ile ya chapati inaweza kuwekwa siku yoyote, kwa kuwa watu wataifikia kwa kutafuta mwezi ujao na mwaka ujao.

Ipo sababu ya kutouamini sana mchoro wa umri, nayo inawahusu zaidi watu wa kwetu. YouTube hupata umri na jinsia kutoka kwa watu walioingia na akaunti zao. Akaunti nyingi za Afrika Mashariki zilifunguliwa dukani siku simu iliponunuliwa, na muuzaji akajaza tarehe ya kuzaliwa iliyomjia kichwani. Simu moja hutumiwa na baba, binti na mpwa. Katika hali hiyo mtazamaji mwanamume wa miaka 35 anaweza kuwa binti wa kidato cha pili anayejifunza kusuka nywele kwa simu ya baba yake.

Kwa video za watoto mchoro huo ni wa kupotosha kabisa. Makundi ya umri kwenye YouTube huanzia miaka 13. Mtoto wa miaka mitano anayetazama katuni za Akili and Me, zinazotengenezwa Dar es Salaam na shirika la Ubongo, hayumo kwenye hesabu kama mtoto. Akitazama kwa simu ya mama, anayehesabiwa ni mama. Mwenye chaneli ya nyimbo za watoto akiona kundi la miaka 25 hadi 34 limetawala, asije akadhani amevutia watu wazima. Tena video zilizotambulishwa kuwa za watoto hazina maoni wala matangazo yanayomfuata mtazamaji kwa tabia zake, utaratibu ulioanza Januari 2020 baada ya serikali ya Marekani kuitoza Google na YouTube dola milioni 170 mwaka 2019 kwa kukusanya taarifa za watoto. Kwa chaneli hizo, kusoma njia za kufikia video na muda wa kutazama ni karibu kila kitu.

Umri una kazi pale tu unapokubaliana na ushahidi mwingine. Katika mfano wa Tanga, kichujio cha Oman kikionyesha kundi la miaka 45 hadi 54 limeongezeka kuliko kwenye chaneli nzima, jambo hilo linaendana na video wanazotazama na njia wanayopitia. Basi mama ana haki ya kuongeza ukubwa wa maandishi kwenye skrini na kuacha haraka. Namba zikiwa chache mno YouTube huzificha, ili mtu mmoja mmoja asitambulike, na nafasi hiyo tupu isijazwe kwa kukisia.

Nchi inaaminika zaidi kuliko umri, lakini nayo ina mtego. YouTube hutambua nchi kwa anwani ya mtandao ya kifaa. Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, Julai 2018, watu wengi waliwasha VPN ili kuikwepa kodi hiyo. Aliyeacha VPN ikiwaka na kufungua YouTube alihesabiwa kama mtu wa nchi ambako VPN ilimpitisha. Mwenye chaneli ya Kampala aliyeona watazamaji wa Uholanzi wanaongezeka ghafla wakati kama huo, huku wa Uganda wakipungua kwa kiasi kilekile, hakuwa na sababu ya kuanza kutafsiri video zake. Dalili ni hiyo ya kubadilishana: nchi moja ikipanda ghafla na nyingine kushuka kwa wakati mmoja, na video wanazotazama ni zilezile, basi huenda watu ni walewale.

Asilimia pia hudanganya zikisomwa bila namba zake. Utafutaji ukishuka kutoka asilimia 48 hadi 30, mwenye chaneli hushtuka na kudhani vichwa vyake vya video havifanyi kazi. Mara nyingine watu wa utafutaji ni walewale 19,000, ila ukurasa wa mwanzo umeleta wengine wapya na kuifanya sehemu ya utafutaji ionekane ndogo. Vilevile kuna kiwango cha watu wanaobonyeza kijipicha baada ya kukiona. YouTube yenyewe inaeleza kwamba nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10. Video ikianza kupelekwa kwa watu wasioijua chaneli, kiwango hicho kwa kawaida hushuka, na kushuka huko ni alama ya kusambaa. Anayekimbilia kubadilisha kijipicha wakati huo anaweza kuikatiza safari ya video iliyokuwa inakwenda vizuri.

Mchanganyiko mwingine unatokana na video fupi za Shorts. Hizo zina njia yake, Shorts feed, ambako mtu hutelezesha kidole na video ikamjia bila kuichagua. Tangu mwisho wa Machi 2025 utazamaji wa Shorts huhesabiwa kila inapoanza kucheza, hata mtu akiipita papo hapo. Chaneli ikiwa na Shorts moja iliyolipuka, takwimu za chaneli nzima huwa ni za watu wa Shorts: umri wao, nchi zao, njia yao. Kabla ya uamuzi wowote kuhusu video ndefu, Shorts zitenganishwe kwa kuchagua aina ya maudhui. Na video ndefu iliyolipuka kwa bahati, labda kwa sababu ya tukio la wiki ile, nayo itazamwe peke yake. Wastani unaoibeba hauelezi video zilizobaki.

Lililo gumu zaidi kwa watu wa pwani ni kalenda. Mapishi, kaswida, mavazi na mawaidha hupanda sana Ramadhani, na mwenye chaneli makini hupenda kulinganisha miezi na ile ya mwaka uliopita. Lakini Ramadhani huwahi kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka. Mwaka 2024 ilianza katika wiki ya pili ya Machi; mwaka 2025 ilianza siku za mwanzo za Machi. Anayelinganisha tarehe 1 hadi 10 Machi za miaka hiyo miwili anaweka siku za kawaida upande mmoja na siku za kufuturu upande mwingine, na kisha anashangilia ongezeko la kaimati na sambusa ambalo limeletwa na mwezi mwandamo. Ulinganifu wa haki ni siku kumi za mwanzo za Ramadhani moja na siku kumi za mwanzo za nyingine, tarehe zikichaguliwa kwa mkono. Mwenye chaneli anapofanya hivyo hugundua pia kwamba watu huanza kutafuta kabla mwezi haujaandama, na video iliyowekwa siku ya mfungo wa kwanza imekwisha kuchelewa.

Mama wa Tanga, katika mfano huu, angepanga miezi mitatu yake hivi: video sita fupi, kila moja ikijibu swali moja lililomo kwenye orodha ya maneno ya utafutaji, na video nne ndefu za vyakula vya Zanzibar, zote zikiwa zimetoka kabla ya Ramadhani. Kabla ya kuanza angeandika kwenye daftari anachotarajia, kwa sababu baada ya matokeo kila mtu hujiona alijua. Kwa video ndefu, baada ya siku 28 angetazama kichujio cha Oman: je, muda wa wastani umebaki karibu na dakika sita, na Browse features imeongezeka kwa namba, si kwa asilimia tu? Ikiwa WhatsApp imeleta watu wengi lakini wanaondoka dakika ya pili, basi alichokisoma kama hamu ya vyakula vya nyumbani kilikuwa hamu ya mkate wa kumimina peke yake, na hilo nalo ni jibu linalofaa kujulikana mapema.

Video za chapati na mandazi asizihukumu kwa siku mbili. Utafutaji huenda polepole. Video nzuri ya aina hiyo inaweza kuwa na utazamaji 80 wiki ya kwanza na 80 kila wiki kwa mwaka mzima. Baada ya miezi mitatu aangalie mambo mawili: kama maneno yaliyowaleta watu ni yale aliyoyalenga, na kama kile kichuguu cha dakika ya maji kimetoweka. Maneno yakiwa mengine, asisikitike, ayafuate. Orodha ikianza kuonyesha "chapati kwa unga wa atta" kutoka Kenya, amepewa somo la video ijayo na watu wenyewe.

Kulenga watazamaji fulani hakuna maana ya kuwafukuza wengine. Dada wa Mwanza anaweza kutazama mkate wa kumimina hadi mwisho, na bwana wa Maskati anaweza kuhitaji kipimo cha maji. Kulenga ni kuamua, kabla kamera haijawashwa, nani akitoridhika na video hii itakuwa imeshindwa. Chaneli nyingi ndogo hazifanyi uamuzi huo, na ndiyo maana kila video yake inaanza kwa salamu za watu wote na kumalizika bila mtu kupata alichokifuata.

Mwenye chaneli ambaye hajawahi kuifungua orodha ya maneno ya utafutaji aanzie hapo wiki hii. Aingie Analytics kwa kompyuta, achague Advanced mode, siku 90, Traffic source, kisha YouTube search, na ayanakili maneno ishirini ya mwanzo kwenye karatasi kama yalivyo, pamoja na makosa ya herufi. Halafu ajiulize ni mangapi kati ya hayo yana video inayoyajibu ndani ya nusu dakika ya kwanza. Yale yasiyo na jibu ndiyo kazi ya mwezi ujao.